Mguu Umekufa Lakini Vipimo Viko Salama: Je, Mgonjwa Anajifanya?



Miongoni mwa mambo yanayozitia familia zetu katika fitina ni mgonjwa ambaye mguu wake hauna nguvu, au anaanguka na kutetemeka, kisha akapelekwa hospitali akapimwa damu na kupigwa picha ya ubongo, na majibu yakaja kwamba hakuna kilichoharibika. Hapo nyumba hugawika. Wengine husema ni jini, wengine husema ni husda, na wengine, kwa sauti ya chini, husema mtoto anajifanya. Mgonjwa mwenyewe hubaki katikati, mguu bado hautembei na hakuna aliyemwambia ana nini.

Makala hii inaeleza maradhi hayo ni kitu gani, daktari anayatambua vipi, na kwa nini maelezo yaliyo wazi si maneno ya kumliwaza mgonjwa bali ndiyo mwanzo wa tiba yenyewe. Tutafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano huu tumeutunga, hauhusu mtu yeyote maalumu, lakini kila kilichomo hutokea kwa wagonjwa wa namna hii.

Binti wa Kipemba aliyeugua Singida

Chukulia binti wa miaka 19 kutoka Wete aliyepata nafasi ya kusoma chuo Singida mjini. Ni mbali na kwao: boti hadi Dar es Salaam, kisha safari ya kutwa ya nchi kavu kupitia Morogoro na Dodoma. Katika muhula wa pili aliteleza kwenye ngazi za bweni, akaumia goti la kushoto. Goti lilivimba siku tatu likatulia. Lakini asubuhi moja ya wiki iliyofuata aliamka akaona mguu mzima wa kushoto mzito kama si wake. Akitembea anauburura, kidole gumba kikikwaruza sakafu, na paja lina ganzi.

Baada ya siku kumi likaja la pili. Akiwa darasani alihisi moyo unakwenda mbio, sauti za watu zikawa kama zinatoka mbali, akaanguka. Mwili ulitetemeka, kichwa kikienda huku na huku, macho yamefumba. Ilichukua dakika kumi na mbili. Wenzake walimzunguka, mmoja akamsomea kwa sauti kubwa, mwingine akajaribu kumtia kijiko mdomoni. Wiki ile alianguka mara nne.

Alikopelekwa mwanzo aliambiwa ni kifafa, akapewa fenobabitoni. Dawa ikamlaza kutwa, na kuanguka hakukupungua. Sehemu ya pili alipigwa picha ya ubongo, akaambiwa: "Picha iko safi, huna ugonjwa, nenda kapumzike." Akatoka akilia. Mama yake kule Pemba alipopigiwa simu alisikia jambo moja tu, kwamba daktari amesema mwanawe hana ugonjwa. Ami yake akasema aletwe nyumbani atafutiwe mtu wa kumtoa jini.

Mpaka hapa binti ameshapewa majibu matatu: kifafa, hana kitu, na jini. Hakuna hata moja lililoeleza kwa nini mguu umekataa.

Maradhi haya ni nini hasa

Madaktari wa mishipa ya fahamu huyaita matatizo ya utendaji wa mfumo wa fahamu. Maana yake ni kwamba ubongo, uti wa mgongo na mishipa vyote ni vizima, lakini namna vinavyofanya kazi pamoja imevurugika. Fikiria jahazi ambalo mbao zake hazina ufa, tanga halijachanika na usukani haujavunjika, ila amri za nahodha hazimfikii aliyeshika usukani ipasavyo. Jahazi haliendi linakotakiwa, na fundi akipekua kila ubao hataona pa kuziba. Tatizo lipo kweli, ila halipo kwenye mbao.

Mambo mengi ya mwili tunayafanya bila kuyafikiria. Hatuhesabu misuli tunapopanda ngazi. Kwa mgonjwa wa aina hii, baada ya jeraha, maumivu, homa, kuzimia, au kipindi cha dhiki, ubongo huanza kuuangalia mno mguu ule na kutarajia kwamba hautafanya kazi. Matarajio hayo huingilia amri yenyewe ya kutembea. Mgonjwa hayachagui, kama asivyochagua mtu kigugumizi kinapomshika mbele ya watu ingawa ulimi wake ni mzima.

Kuanguka nako kuna njia inayofanana. Mwili huingia katika hali ya hatari, moyo ukaenda mbio na pumzi ikabadilika, kisha fahamu ikajitenga kwa muda, kama swichi inayojizima umeme unapozidi. Mara nyingi jambo hili hujirudia kwa sababu ubongo umejifunza njia hiyo, na hushika wepesi zaidi mgonjwa anapoogopa kwamba litarudi.

Dhiki inaweza kuwa mlango, lakini si lazima. Wapo wagonjwa waliopitia mambo mazito, na wapo ambao hawana kisa chochote cha kuficha. Kwa hiyo si haki kumbana mgonjwa aseme "amefanywa nini", wala daktari hapaswi kuhukumu maradhi haya kwa sababu tu mgonjwa ana huzuni.

Daktari anajua vipi kwamba si kiharusi wala kifafa

Hapa ndipo penye jambo ambalo watu wengi hawalijui. Maradhi haya hayatambuliwi kwa kuwa vipimo vyote vimekosa jibu. Yana alama zake mwenyewe zinazoonekana kwenye kitanda cha mgonjwa.

Tuseme binti wetu, mara ya tatu, amekutana na daktari aliyemlaza chali na kumwambia asukume kisigino cha kushoto chini kwenye godoro. Mkono wa daktari uliokuwa chini ya kisigino haukuhisi kitu. Mguu hauna nguvu. Kisha daktari akauacha mkono wake palepale, akamwambia: "Sasa sahau mguu wa kushoto. Nyanyua wa kulia, nami nitakuzuia kwa nguvu." Binti aliponyanyua wa kulia, kisigino cha kushoto kilishindilia mkono wa daktari kwa nguvu kamili.

Alama hii ilielezwa mwaka 1908 na daktari wa Marekani aitwaye Charles Hoover, na mpaka leo hutumika. Msingi wake ni kwamba mtu anaponyanyua mguu mmoja, mwingine hujikita chini wenyewe ili kuuweka mwili sawa. Ikiwa nguvu hiyo inatokea bila kukusudiwa na inakosekana inapokusudiwa, basi njia kutoka ubongo kupitia uti wa mgongo hadi mguuni ni nzima. Aliyepooza kwa kiharusi hana nguvu hiyo kwa hali zote mbili.

Alama hii ina mipaka. Maumivu makali ya nyonga au goti yanaweza kuichafua, na mtu aliyepata kiharusi cha aina fulani anaweza asiutilie maanani upande wake mmoja. Kwa hiyo daktari mzuri hatosheki na alama moja. Huangalia mwendo, hupiga nyundo kwenye goti kuona mguu unavyoruka, hukwaruza unyayo kuona vidole vinakwenda wapi, na huagiza picha pale inapohitajika.

Kwa upande wa kuanguka, kilichomsaidia zaidi daktari ni simu ya mwanafunzi mwenzake aliyerekodi tukio zima. Aliyeanguka kwa kifafa cha mwili mzima mara nyingi huwa macho wazi, hukakamaa kisha hutetemeka kwa mpigo mmoja, hubadilika rangi, na tukio huisha ndani ya dakika moja hadi tatu; baadaye hukoroma na huchukua muda kujitambua. Pengine huonekana amejiuma pembeni mwa ulimi. Katika kuanguka kwa kiutendaji macho mara nyingi yamefumba, kichwa huenda upande na upande, mtetemo hupanda na kushuka na hata kusimama kisha ukarudi, na tukio linaweza kupita dakika tano au kumi. Wengine hulia machozi. Kukojoa hakutofautishi, maana hutokea kwa wote wawili.

Hata hapa alama moja haitoshi. Penye shaka, kipimo cha kutegemewa zaidi ni kurekodi umeme wa ubongo pamoja na video wakati mgonjwa anaanguka. Kipimo hicho hakipatikani kila mkoa, na ndiyo maana video ya simu, iliyopigwa kwa ruhusa ya mgonjwa na kuonyeshwa daktari tu, ina thamani kubwa. Isitumwe kwenye makundi ya WhatsApp.

Tena mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Uchunguzi mbalimbali uliokusanywa pamoja umeonyesha kwamba takriban mmoja kati ya watano wenye kuanguka kwa kiutendaji ana kifafa pia. Kwa hiyo hakuna ndugu anayepaswa kusimamisha dawa kwa kusoma makala.

Maelezo yenyewe, neno kwa neno

Daktari yule alifanya jambo ambalo wawili wa mwanzo hawakulifanya. Alimkalisha binti, akamwita na mama yake aliyekwishafika kutoka Pemba, akairudia ile alama mbele yao. Safari hii alimwambia mama aweke mkono wake chini ya kisigino.

"Umehisi, mama?"

"Nimehisi. Umenisukuma kweli."

"Basi sikilizeni. Binti yangu, mguu wako hauna nguvu unapoutaka, nami ninaamini, nimeupima. Hujifanyi. Lakini nguvu hii aliyoihisi mama inatuonyesha kuwa njia ya kutoka ubongoni hadi mguuni haijakatika. Una matatizo ya utendaji wa mfumo wa fahamu. Tunayaona mara kwa mara. Si kiharusi, na huko kuanguka nilikokuona kwenye video si kifafa. Yameanza pale goti lilipoumia na ubongo ukaanza kuulinda mguu kupita kiasi. Kwa kuwa hakuna kilichokatika, mguu unaweza kurudi. Ila haurudi kwa kulala wala kwa sindano, unarudi kwa kufundishwa upya, na mimi nitakuonyesha vipi."

Mama akauliza: "Sasa daktari, ni mawazo yake tu?"

"Hapana, mama. Ukiogopa sana mikono inatetemeka. Hofu huioni, lakini mtetemo ni wa kweli na hukuuamua. Huu nao ni wa kweli."

Maneno hayo yanaonekana mepesi, lakini kila sehemu ina kazi yake. Kwanza ameyapa maradhi jina. Pili amesema anaamini. Tatu ameonyesha ushahidi unaoshikika kwa mkono, akaanza na kilichopo kabla ya kusema kisichokuwepo. Nne ameeleza yameanza vipi. Tano amesema yanaweza kurudi nyuma, na kwa njia gani. Profesa Jon Stone wa Edinburgh, Uskochi, ambaye ameshughulikia maradhi haya kwa miaka mingi, ndiye aliyesisitiza kwamba alama ya Hoover aonyeshwe mgonjwa mwenyewe badala ya kufichwa kama mtego wa kumkamata.

Kwa nini maelezo ni tiba? Kwa sababu maradhi yenyewe yanalishwa na matarajio na hofu. Anayeamini ubongo wake umeoza hawezi kuuamini mguu wake. Aliyeuhisi mguu ule ukisukuma ameshapata habari mpya, na ubongo hauwezi kufundishwa mwendo mpya kabla ya kuikubali habari hiyo. Katika utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012, wagonjwa 44 wenye kuanguka kwa kiutendaji walielezwa maradhi yao kwa utaratibu maalumu, bila ya tiba nyingine katika kipindi hicho. Baada ya miezi sita, takriban mmoja kati ya sita alikuwa haanguki tena, na wengine kuanguka kwao kulipungua zaidi ya nusu. Wengi walibaki wakihitaji tiba zaidi. Maelezo hufungua mlango, hayamalizi safari.

Sasa linganisha na maneno ya yule wa pili: "Huna ugonjwa." Alichosema kuhusu picha ni kweli, lakini mgonjwa alisikia kwamba anaitwa mwongo. Mtu wa namna hii hutoka hospitali hadi hospitali akitafuta picha itakayomsafisha, na kila kipimo kipya humwambia kwamba kuna kitu bado kinatafutwa. Uchunguzi wa Ujerumani wa mwaka 2002 ulikuta kwamba wagonjwa wa kuanguka kwa kiutendaji walikaa wastani wa miaka saba kabla ya kutambuliwa. Wengi wao hutumia dawa za kifafa miaka yote hiyo.

Yanapoenea bwenini

Wazazi wenye mabinti shuleni wajue pia kwamba hali hizi zinaweza kushika kundi zima. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Kufikia Machi walikuwa 95 kati ya wanafunzi 159, na shule ikafungwa. Madaktari Rankin na Philip walipima damu na kutafuta sumu na vijidudu, hawakupata kitu, na hakuna aliyekufa. Shule ilipofunguliwa Mei, wengine 57 wakashikwa, ikafungwa tena. Na Oktoba 2023 huko Eregi, Kakamega nchini Kenya, makumi ya wasichana wa shule walipelekwa hospitali kwa sababu miguu haikuwabeba.

Katika hali hiyo sumu na maradhi ya kuambukiza lazima vitafutwe kwanza, na vitafutwe upesi. Vikikosekana, kuendelea kukusanya watu, magari ya wagonjwa, kamera na waganga mbele ya wasichana walioogopa huongeza idadi. Kinachosaidia ni kuwatenganisha kwa upole, kupunguza watazamaji, na kuwaeleza wao na wazazi wao kama alivyoelezwa binti wetu.

Baada ya maelezo

Kwa mguu, kazi ni ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mazoezi haya si ya kuongeza misuli, maana misuli haijapungua. Ni ya kuupata mwendo pale mgonjwa asipouangalia. Binti aliposimama na kuhamisha uzito kulia na kushoto kwa kufuata mapigo ya mkono, mguu ulimbeba. Alipotembea kinyumenyume, hakuuburura. Alipobeba sinia lenye gilasi ya maji huku macho yakiwa kwenye maji, akapiga hatua sita zilizo sawa. Kila ilipotokea hivyo alionyeshwa papo hapo, kwenye kioo au video, ili auone mguu wake ukifanya kazi. Gongo aliachishwa mapema, kwa sababu kulizoea huufundisha mwili kwamba mguu haupo.

Kwa kuanguka, alifundishwa kuzitambua dalili zake: moyo kwenda mbio na sauti kuwa mbali. Zikija, hukaa chini, hukanyaga sakafu kwa nguvu kwa nyayo zote mbili, hushika kitambaa cha maji baridi, na hutaja vitu vitano anavyoviona. Lengo ni kuirudisha fahamu mahali alipo kabla haijajitenga.

Fenobabitoni ilipunguzwa na daktari kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Hili ni la kuzingatia sana. Dawa hiyo ikisimamishwa ghafla inaweza kuleta degedege la kweli hata kwa asiye na kifafa.

Wiki ya sita alitembea kutoka bwenini hadi darasani bila msaada. Mwezi wa tatu kuanguka kulikuwa kumeshuka kutoka mara nne kwa wiki hadi mara moja kwa wiki mbili. Karibu na mitihani mguu ukawa mzito tena siku tano. Safari hii hakukimbilia picha, aliyarudia mazoezi yake. Si kila mgonjwa hufika hapo. Wapo wanaobaki na udhaifu kwa miaka, na majaribio makubwa ya tiba ya mazungumzo na ya mazoezi yameonyesha kwamba yanawafaa baadhi ya wagonjwa, si wote. Kutambuliwa mapema ndiko huongeza matumaini.

Familia ifanye nini anapoanguka

Ondoeni vitu vigumu karibu yake, mlazeni ubavu, legezeni nguo ya shingoni, angalieni saa. Msimtie chochote mdomoni, msimshike kwa nguvu, msimfukize. Mtu mmoja aseme naye kwa utulivu, wengine watoke. Asipande juu ya mti, asiogelee wala kwenda baharini peke yake, na asiendeshe chombo mpaka daktari amruhusu.

Akimbizwe hospitali ikiwa ni mara yake ya kwanza kuanguka, ikiwa tukio limepita dakika tano na daktari hajawapa maelekezo mengine, ikiwa ana mimba, ana kisukari, ana homa na shingo ngumu, au ameumia kichwa. Vilevile mdomo ukienda upande au maneno yakipotea ghafla, au miguu ikikosa nguvu pamoja na kushindwa kuzuia haja. Hayo yasisubiri mjadala wa jini au si jini.

Na kisomo je?

Kumsomea mgonjwa Qur'aan na kumuombea ni jambo jema, na halipingani na tiba. Wanazuoni wetu wenyewe hawakulifanya kila kuanguka kuwa jambo moja. Ibn al-Qayyim katika Zaad al-Ma'aad ameeleza kwamba kuanguka kuna aina mbili, moja inatokana na roho mbaya na nyingine inatokana na mwili, na hii ya pili ndiyo wanayoizungumzia matabibu. Kwa hiyo anayemkataza mgonjwa kwenda hospitali kwa hoja ya dini hana hoja.

Lakini namna ya kusoma ina athari yake. Kumsomea kwa utulivu akiwa mzima, akiwa na wazazi wake, humtuliza. Kumkusanyia watu wakati anaanguka, kumpigia kelele, kumuuliza "wewe ni nani" na kumpiga kunaufundisha mwili ule ule ulioingia katika hali ya hatari kwamba hatari ipo. Kupiga ni dhulma kwa hali yoyote, na wagonjwa wameumizwa kwa njia hiyo.

Katika ibada, mwenye mguu usiombeba husali kwa kadiri anavyoweza, akikaa au akilala, na hana dhambi. Aliyepotewa na fahamu hutawadha upya. Kuhusu saumu na dawa, amuulize daktari wake na sheikh anayeijua hali yake.

Limebaki la kumwambia ami. Kumtuhumu mgonjwa kwamba anajifanya, bila ya ushahidi, ni katika dhana mbaya tuliyokatazwa, na hapa ushahidi unakwenda kinyume chake. Aje auweke mkono wake chini ya kisigino cha mtoto kama alivyofanya mama, naye atajua kwamba mguu ni mzima na mtoto ni mkweli, yote mawili kwa pamoja.

Wallaahu a'lam.